Seva iko stoo, mimi niko sebuleni

Asanteni kwa kunikaribisha. Mlioketi nyuma sogeeni mbele kidogo, maana maandishi nitakayowaonyesha ni madogo na projekta ya leo, ninyi wenyewe mnaiona.

Nyumbani kwangu kuna stoo, na juu ya rafu ya stoo kuna kompyuta ndogo, ukubwa wake kama mkebe wa chakula wa mtoto wa shule. Prosesa yake ni Intel N100 na RAM ni GB 16. Haina skrini wala kibodi. Ina waya mbili tu, wa umeme na wa mtandao. Nimeiwekea Proxmox VE, mfumo uliojengwa juu ya Debian, na ndani yake kuna mashine pepe tatu, yaani kompyuta za kubuni zinazogawana kisanduku hicho kimoja: moja ya picha za familia, moja ya mafaili ya kazi, na ya tatu ya kuharibia, yaani ya majaribio. Zote naziendesha kutoka kwenye kochi. Nafungua kivinjari, naandika anwani hii:

```
https://192.168.1.50:8006
```

Mara ya kwanza kivinjari kitakuonya kwamba cheti hakiaminiki. Ni kawaida, seva imejitengenezea cheti chake yenyewe. Hakikisha tu anwani ni ya seva yako, kisha endelea.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta. Ukiichagua mashine pepe upande wa kushoto, utaona neno `Console`. Wengi wanalichukulia kama SSH, ile njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa amri, ila ndani ya kivinjari. Sivyo. SSH hupita kwenye mtandao wa mashine pepe yenyewe: mashine ile isipokuwa na anwani sahihi, huingii. `Console` haipiti huko. Mashine pepe ina skrini na kibodi vya kubuni, vinavyoendeshwa na seva mwenyeji, na programu ya noVNC inakuletea skrini hiyo kwenye kivinjari kupitia anwani ya mwenyeji. Ni kama umevuta kiti ukakaa mbele ya mashine. Mtandao wake ukifa, wewe bado umekaa pale.

Nilielewa hivyo siku nilipoiwekea mashine namba 101, yenye Ubuntu, anwani ya kudumu. Nilikuwa ndani kwa SSH. Nilitaka `192.168.1.60`, kidole kikaniponyoka nikaandika `192.168.11.60`, nikapiga `sudo netplan apply`. Dirisha likaganda. Nabonyeza Enter, kimya. Kwenye ukurasa wa Proxmox, mashine ilikuwa bado inawaka na CPU yake imetulia, ndipo nikajua haijafa, imepotea njia tu. Nikafungua `Console`, nikaingia kwa jina na paswedi, nikapiga `ip a`, na ile moja ya ziada ikanitazama. Nikasahihisha, dakika mbili, sikunyanyuka kwenye kochi. Siku hizi natumia `sudo netplan try`: usipothibitisha kwa Enter ndani ya sekunde 120, inarudisha mipangilio ya zamani yenyewe.

noVNC ina kero moja kubwa: huwezi kunakili amri ndefu ukaibandika kama ulivyozoea. Dawa ni kuipa mashine mlango wa siriali, ambao kwao Proxmox hutumia xterm.js, dirisha la maandishi matupu ndani ya kivinjari, na humo kubandika kunakubali. Kwenye mwenyeji andika:

```
qm set 101 --serial0 socket
```

Kisha ndani ya mashine pepe:

```
sudo systemctl enable --now serial-getty@ttyS0.service
```

Hapa ndipo watu hukwama. Kuwasha upya kutoka ndani ya mashine hakutoshi. Izime kabisa, halafu iwashe kutoka kwenye ukurasa wa Proxmox, ndipo mlango mpya utokee. Na kwa kuwa mlango haukuwepo, ile amri ya pili irudie baada ya kuwasha kama mara ya kwanza ilikugomea. Sasa bonyeza kishale kilicho kando ya `Console`, chagua xterm.js. Utaona dirisha jeusi tupu. Usikate tamaa, bonyeza Enter mara moja, na ombi la jina litajitokeza. Lakini noVNC usiisahau, kwa sababu bila kubadilisha mipangilio ya GRUB, programu inayoanzisha mfumo mashine inapowashwa, ujumbe wa mashine inapoamka hutauona kwenye siriali.

Kuna aliyeuliza wakati wa chai: mbona akibonyeza `Shutdown` mashine yake inakaa tu? Kaka, `Shutdown` ni ombi, `Stop` ni kuchomoa waya ukutani. Angalia kwenye `Options`, mstari wa `QEMU Guest Agent`. Ukiuwasha pale wakati ndani ya mashine hujasakinisha kifurushi cha `qemu-guest-agent`, mwenyeji anamtuma mjumbe ambaye hayupo. Anasubiri, anasubiri, mwishowe unaandikiwa `got timeout`. Na ukikosa subira ukabonyeza `Stop` katikati, unaweza kuambiwa faili limefungwa, kwa sababu ile kazi ya kwanza bado imeishikilia mashine. Isimamishe kwanza kazi hiyo kwenye orodha ya chini ya ukurasa, halafu ndiyo ubonyeze `Stop`. Mashine ya hifadhidata mimi siichomoi hivyo ila nimeshindwa kabisa.

Kiti hiki cha mbali nacho kina mwisho wake, na mwisho wenyewe ni mwenyeji. Nilipoongeza SSD ya pili kwenye kile kisanduku, nikakirudisha kwenye rafu, nikakiwasha, nikarudi kochini. Ukurasa haufunguki. `ping` haijibu. Mashine zote tatu zimetoweka kwa mpigo, na hiyo ndiyo dalili yenyewe: ikipotea moja, shida ni yake, zikipotea zote pamoja na mwenyeji, mtafute mwenyeji. Taa ya mtandao nyuma ya kisanduku ilikuwa inapepesa vizuri, kwa hiyo waya ulikuwa mzima.

Ikabidi nibebe televisheni ya chumbani hadi stoo, na kibodi ya kuazima, watoto wakinifuata nyuma kama harusi. Nikapiga `ip link`. Kadi ya mtandao iliyokuwa ikiitwa `enp2s0` sasa ilikuwa inaitwa `enp3s0`. Jina hilo hutokana na nafasi ya kadi kwenye njia ya PCI, na SSD mpya ilikuwa imesogeza namba. Wakati huohuo, faili la `/etc/network/interfaces` lilikuwa bado linaliunganisha daraja la `vmbr0`, ambalo mashine zote hupitia, na jina la zamani:

```
auto vmbr0
iface vmbr0 inet static
    address 192.168.1.50/24
    gateway 192.168.1.1
    bridge-ports enp2s0
```

Nikabadilisha `enp2s0` kuwa `enp3s0`, hapo kwenye daraja na kwenye mstari wa juu unaoitaja kadi yenyewe, nikapiga `ifreload -a`. Simu mfukoni ikalia: picha za familia zimerudi hewani.

Televisheni niliirudisha chumbani usiku huohuo, kulikuwa na mpira. Waya wa HDMI na kibodi ya bei rahisi viko stoo mpaka leo, vimening'inia kwenye msumari kando ya rafu, na mama watoto amekatazwa kuvisogeza.