Salamu Zifike Mpaka Uani

Assalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Nimeshalisema hili Kiloleni, nimelisema Ng'ambo, na leo hapa Isevya nalirudia kwa sababu bado mnakosea kuwasalimia marafiki wa mchumba. Mchumba wako amekualika kwenye shughuli, rafiki zake wote wapo, hawajawahi kukutia machoni. Unaingia sebuleni, unapunga mkono, "Mambo zenu!", unakaa, unatoa simu. Umeshajadiliwa huko!

Kuna kijana alitoka Kigoma akaja hapa Tabora, kwa upande wa mchumba wake kulikuwa na arobaini ya mtoto. Sebuleni alisalimia vizuri sana, mmoja mmoja, wazee kwanza. Akakaa. Baada ya muda akaletewa sahani ya pilau, aliyeileta akaiweka mezani bila neno, akaondoka. Yule ndiye shoga mkubwa wa mchumba wake! Tangu asubuhi yuko uani anamenya vitunguu, na mgeni hajafika kumsalimia. Maana shughulini marafiki wa karibu hawakai sebuleni, wako kwenye masufuria.

Bahati nzuri binti aliiona ile sahani ilivyowekwa. Akamshika mchumba wake mkono, wakaenda nyuma. Shoga mikono imejaa mafuta, akamnyoshea kifundo cha mkono. Kijana akakishika, akainama kidogo: "Pole na kazi, dada." Akajibiwa, "Asante, shemeji. Kumbe unasema!" Uani kote wakacheka, akavutiwa kigoda.

Najua mtaniambia, "Mwalimu, mimi mgeni, nitajipelekaje jikoni?" Hujipeleki. Mchumba wako ndiye wa kukupeleka, na hilo mnakubaliana kabla hamjatoka nyumbani. Akutajie pia majina mawili matatu ya walio karibu naye. Mkiwakuta wanakula, usilazimishe mkono. Wakikukaribisha na hujawa tayari kula, sema "Starehe, endeleeni," utawasalimia wakishanawa.

Shikamoo nayo inawasumbua. Rafiki yake amekuzidi miaka mitatu, umwamkie au usimwamkie? Ukimwamkia anaweza kuona unamzeesha. Ukiacha, pengine anasema huna adabu. Sikiliza mchumba wako anavyomsalimia. Akisema shikamoo, nawe sema. Akisema "Za tangu juzi?", wewe sema "Habari za hapa, dada," na umalize salamu yote, za nyumbani, za watoto, ndipo mazungumzo mengine yaanze.

Muda unanibana. Dada aliyejisitiri, usimtangulizie mkono. Weka wako kifuani, akinyosha yeye ndipo uupokee. Na utani: watakutania tu, hasa wakijua kabila lako. Cheka, jibu kidogo, lakini usiguse umbo la mtu wala wazazi wake, hiyo ruhusa hujapewa bado. La kuaga nilitaka kulieleza kwa urefu, ila naona mikono imeshanyoshwa kule nyuma. Haya, binti mwenye kitenge cha njano, uliza.