"Na Wengine Wote" Ndio Akina Nani?

Asanteni sana, Mwenyekiti. Itifaki imezingatiwa.

Mmeona nilichofanya? Nimewasalimu wote kwa maneno mawili na hakuna hata mmoja wenu aliyesalimiwa. Jukwaani tumeshazoeana, hakuna anayeumia. Tatizo ni kwamba tabia hiyo tumeihamishia kwenye matangazo ya shukrani. Mnayajua, mengine mmeyaandika nyie wenyewe, msinitazame hivyo. "Tunamshukuru mgeni rasmi, wadhamini wetu, kamati ya maandalizi, na wengine wote waliojitolea kwa namna moja ama nyingine." Mtu amesimama njia panda tangu saa kumi na moja alfajiri akizuia daladala ili wakimbiaji wapite, halafu anajikuta yuko ndani ya "namna moja ama nyingine".

Wanaonialika huwa wanataka niwafundishe maneno mazuri ya kushukuru. Nawaambia kila mara: maneno mnayo, mnachokosa ni orodha. Na orodha haitungwi siku ya kuandika shukrani. Ukiona katibu amekaa na simu Jumatatu asubuhi anajaribu kukumbuka nani alikuwepo, jua watu wameshapotea.

Nitawaeleza kituo kimoja tu, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu ndipo mambo yote yalipo. Ni mbio za nusu marathoni, kilomita 21, zile za kuchangia kitu fulani cha jamii. Vituo vya maji viko kila baada ya kilomita 5 hivi, kama ilivyo desturi ya mbio za barabarani. Mimi sikuwa kwenye kamati. Waliniita baada ya mambo kuharibika, maana tangazo lilikuwa limetoka na watu wa kituo cha kilomita 15 wamenuna, na wanasema mwakani wasitafutwe. Kamati ilikuwa inashangaa: "Lakini tuliwataja kwa majina!" Ni kweli, waliwataja.

Nikaomba karatasi. Karatasi ya zamu ilikuwa na watu 6. Karatasi ya kugawa fulana ilikuwa na watu 6, majina yale yale. Karatasi ya nauli ilikuwa na sahihi 6. Na nyie mnajua, mtu anaweza kusahau kusaini mahudhurio, lakini nauli haisahauliki. Kwa hiyo katibu akaona karatasi 3 zinakubaliana, akanakili majina, akalala usingizi wake. Mimi ningekuwa na wasiwasi na karatasi mbili tu. Ya mahudhurio ilikuwa na majina 5. Na dada aliyekuwa akisambaza chakula alikuwa ameandika kwenye daftari lake: kilomita 15, sahani 8.

Watu 6 kwenye mpango, 5 kwenye mahudhurio, 8 kwenye chakula. Mtu wa haraka atasema kuna walafi. Mimi nikampigia simu kiongozi wa kituo, na sikumuuliza "nani amesahaulika?" Swali hilo halina faida, kila mtu atakujibu "hakuna". Nilimwuliza: meza ilivyokaa, nani alikuwa kulia kwako? Na kulia kwake? Maji yalipungua saa ngapi, na nani aliyaleta? Nani aliokota vikombe mkiondoka? Mtu akitembezwa mezani hivyo, majina yanatoka yenyewe.

Yakatoka. Dada mmoja wa zamu aliamka na homa, hakuja. Fulana alikuwa ameichukua jana yake. Alimtuma mdogo wake wa kiume, ambaye alikwenda moja kwa moja kituoni akiwa amevaa jezi ya Yanga, akamimina maji asubuhi nzima, na wakati wa nauli akasaini kwenye mstari wa dada yake kwa sababu jina lake halikuwepo. Huyo ndiye wa sita. Wa saba ni kijana wa bodaboda. Maji yalipoanza kuisha, alikwenda kituo cha kilomita 10, ambako wakimbiaji wa nyuma walikuwa wameshapita, akaleta katoni zilizobaki. Wa nane ni mama mwenye duka jirani aliyefungua bomba lake, ndoo zikajazwa, wa mwisho mwisho wakapata maji ya kujimwagia kichwani. Kwenye karatasi za kamati, hawa watatu hawakuwahi kuzaliwa. Na aliyeshukuriwa kwa jina, "kwa kujituma bila kuchoka juani", alikuwa kitandani anatumia panadoli.

Dada wa watu hana kosa. Yeye mwenyewe aliona aibu, akasema alilipigia kelele lile tangazo kabla ya wengine. Kosa ni kuandika shukrani kutoka kwenye mpango wakati siku yenyewe ilikwenda vingine. Mbadala ndiye anayepotea kuliko wote, na cha ajabu ndiye aliyejitolea kuliko wote, maana yeye hakupewa hata wiki ya kujiandaa.

Sasa dawa yake ni ndogo. Kila kiongozi wa kituo apewe karatasi ya zamu yenye mistari mitupu chini, kama mitano hivi, na kalamu. Asiyekuja anakatwa kwa mstari mmoja ili jina lisomeke, mbadala anaandikwa palepale. Mbele ya kila jina kuna nafasi ya maneno machache: alifanya nini. Yaandikwe kabla ya watu kutawanyika, wakati wa kula, kwa sababu ndio wakati pekee ambao wote wamekaa. Mwombe kila mtu akuandikie jina lake kwa mkono wake, anavyotaka lisomwe. Wapo wanaotaka majina matatu, wapo wanaotaka Mama Fulani, na yupo mtu mtaa mzima unamjua kwa jina la utani na ukiandika la cheti hata mkewe atauliza ni nani. Jioni unalinganisha karatasi hiyo na ya chakula. Hesabu zisipokutana, piga simu usiku uleule.

Najua mtakachosema, nimeshakisikia kila mkoa. "Mwalimu, ukianza kutaja majina lazima utamsahau mmoja, na huyo mmoja ataumia. Heri tusitaje kabisa." Yaani kwa kuogopa kumuumiza mmoja tunawaumiza wote sawasawa, tunaita haki! Hapana. Peleka rasimu kwa viongozi wa vituo kabla ya kuitoa, wape usiku mmoja. Na akitokea aliyesahaulika hata baada ya hapo, mwingize mahali pake, pamoja na wenzake wa kituo, kisha toa tangazo upya. Usimning'inize mwishoni na "pia tunamshukuru". Mtu aliyewekwa mkiani anajua amekumbukwa baada ya kulalamika, na kila anayesoma anajua.

Wengine husema, "Sisi ni wengi mno." Wengi kiasi gani? Baada ya Michezo ya Olimpiki na Paralimpiki ya mwaka 2000 kule Sydney, Australia, majina ya waliojitolea yaliandikwa kwenye nguzo nje ya uwanja mkuu. Ni zaidi ya watu 70,000. Wewe una watu 60 na kompyuta, unaniambia nafasi haitoshi. Tena hakuna anayesoma orodha nzima, hilo silikatai. Kila mtu anasoma jina lake, la aliyekuwa naye, na la yule asiyepatana naye, basi. Ipange orodha kwa vituo ili ajipate haraka, na ndani ya kituo fuata alfabeti, msije mkaanza kupanga kwa vyeo.

Tuje kwenye sentensi yenyewe. Nina kipimo kimoja. Funika jina kwa kidole, halafu mpe mtu wa kituo kile asome kilichobaki. Akijua ni nani, sentensi imetosha. "Alihudumu kwa moyo wa upendo na kujituma" — funika jina, hapo ni nani? Ni yeyote, hata aliyekuwa na homa kitandani. Sasa sikiliza: "Fulani alileta katoni za maji kwa pikipiki kutoka kilomita 10 wakati kituo cha kilomita 15 kilipokaribia kukauka." Huhitaji kuongeza sifa. Kitendo, kitu, mahali, na kilichookolewa, mradi uwe na uhakika nacho. Usipojua alichofanya, muulize aliyesimama naye, usimpambe. Na kama watu wanne walifanya kazi ile ile, waandike wanne kwenye sentensi moja. Msianze kuwatafutia kila mmoja maajabu yake mpaka mtu aliyeshika kamba aonekane ameshika nchi.

Naona Mwenyekiti anaangalia saa. Basi niyapitie haraka yaliyobaki.

Wa kabla na wa baada. Aliyezunguka na barua za kibali polisi na halmashauri hakuwepo siku ya mbio, alikuwa ameshamaliza kazi yake. Waliorudi Jumapili jioni kuokota chupa hawamo kwenye picha yoyote. Vifungue kama vituo viwili vinavyojitegemea, "kabla" na "baada", vyenye karatasi yake na kiongozi wake.

Wanaolipwa, pamoja na wadhamini, wawekeni pembeni. Mwenye spika amelipwa, mshukuru, lakini usimchanganye na aliyejitolea.

Kuna wasiotaka kutajwa. Mwingine aliomba ruhusa kazini kwa sababu nyingine, nyie mnamwanika. Ile karatasi ya zamu iwe na kisanduku cha ndiyo au hapana. Hapa kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, adabu ingetosha. Aliyesema hapana, andika kazi yake bila jina: "mwenzetu mmoja aliyeomba asitajwe ndiye aliyeshona mabegi ya huduma ya kwanza." Atajijua. Namba za simu msiweke kabisa. Kwa watoto wa shule, aulizwe mzazi, siyo mtoto.

Picha nilitaka kuzisemea kirefu, ila muda umekwisha. Ila tu, picha ya kundi bila majina chini yake kwa mpangilio wa kushoto kwenda kulia ni "na wengine wote" nyingine, yenye rangi.

La mwisho, na hili ni kwa makatibu. Orodha nyingi ninazoletewa kukagua zinakosa mtu mmoja yule yule: aliyeiandika. Anaona haya kujitaja, na hakuna mwingine anayeishika ile karatasi. Kwa hiyo mstari wa katibu aujaze mweka hazina, na kipimo cha kidole kimhusu naye. Asiandikiwe "kwa uratibu wake mzuri". Aandikiwe alipiga simu ngapi usiku ule.

Maswali. Naona mkono kule nyuma, dada mwenye kitambaa cha kijani.