Kianzio cha nyumba ya kwanza: kiasi gani kwa mwezi, na kwa miezi mingapi

Mabibi na mabwana, watumishi wenzangu wa hapa Dodoma, swali nililoombwa kulijibu ni fupi: anayetaka kununua nyumba yake ya kwanza kwa mkopo wa benki aweke akiba kiasi gani kila mwezi, na kianzio kitatimia lini? Nitalijibu kwa mfano wa wanandoa wawili, watumishi, waliopanga Nzuguni, ambao mishahara yao baada ya makato inafika shilingi 1,500,000 kwa mwezi.

Nyumba wanayoitaka, tuseme iko Iyumbu, inauzwa leo shilingi milioni 60. Tuchukulie kwamba benki inawataka watoe wenyewe asilimia 20 ya bei, na hicho ndicho kianzio, yaani milioni 12. Wengi huishia hapo, kisha siku ya kusaini wanakutana na ushuru wa stempu, ambao ni takriban asilimia 1 ya bei, pamoja na gharama za wakili, mthamini na usajili. Mimi hutenga asilimia 3 kwa ajili ya hayo yote, kwa hiyo lengo lao kwa bei ya leo ni milioni 13.8. Wanazo tayari milioni 1.8, na wanaweza kuweka 250,000 kila mwezi. Ukigawa milioni 12 zilizobaki kwa 250,000 unapata miezi 48, na mtu angeweza kufunga daftari akaamini kwamba baada ya miaka minne atakuwa na funguo mkononi.

Hesabu hiyo ina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba bei ya nyumba haiwasubiri, hasa katika mji ambao Serikali ilihamia na watumishi wake. Tukikadiria kwamba bei inapanda asilimia 5 tu kwa mwaka, baada ya miaka minne nyumba ileile itauzwa takriban milioni 73, na lengo litakuwa limesogea hadi karibu milioni 16.8. Wao, kama fedha zao zimekaa kwenye kibubu au kwenye akaunti isiyo na faida, watakuwa na milioni 13.8. Pengo ni milioni 3, na wanapoendelea kulifukuza bei nayo inaendelea kupanda, kiasi kwamba hawalifikii lengo hadi mwezi wa 65.

Sasa fedha hizohizo ziwekwe mahali zinapopata asilimia 8 halisi kwa mwaka. Nasema halisi kwa sababu riba ya amana ya benki hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, kwa hiyo ukitangaziwa asilimia 9, mkononi unabaki na 8.1. Kwa kiwango hicho wanafikia lengo katika mwezi wa 49. Tofauti ni miezi 16 bila kuongeza hata shilingi moja kwenye akiba ya kila mwezi. Ndiyo maana nashauri kiwango cha faida kikadiriwe kwa unyonge, na bei ya nyumba iulizwe upya kila baada ya miezi sita badala ya kutegemea bei ya mwaka wa kwanza.

Kinachovuruga mipango hii mara nyingi ni kodi ya pango. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo; kwa chumba na sebule cha 200,000 kwa mwezi hiyo ni 1,200,000, na fedha pekee iliyo karibu ni ile ya kianzio. Dalili yake huonekana kwenye taarifa ya akaunti: salio linapanda miezi mitano, kisha linaporomoka mwezi wa sita. Dawa yake ni akaunti ya pili ya pango inayopokea 200,000 siku ileile mshahara unapoingia, ili akiba ya nyumba isiguswe.

Limebaki jambo ambalo kianzio hakilionyeshi. Bei ikifika milioni 73, mkopo utakuwa zaidi ya milioni 58, na kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 20 marejesho ni takriban 770,000 kwa mwezi. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mapato yao ya leo, na hata mishahara ikipanda kidogo bado mzigo ni mkubwa mno. Kwa hiyo mwaka wa mwisho wafanye jaribio: wajumlishe pango na akiba hadi wafike 770,000, maana yake akiba iwe 570,000 badala ya 250,000. Wakimudu miezi sita mfululizo bila kukopa dukani, waende benki. Wakishindwa mwezi wa pili, basi nyumba ya milioni 60 si ya kipato chao, na ni heri wakatafuta ya milioni 40, ambayo kianzio na gharama zake kwa bei ya leo ni milioni 9.2 tu.