Imekatwa, Haijaingia: Safari ya Dola 1,800 Kutoka Maskati Hadi Unguja

Asalaam aleykum, na habari za jioni. Walionialika wameniomba niseme juu ya pesa inayokatwa huku na isionekane kule. Nimekaa miaka mingi kwenye kitengo cha malipo ya nje cha benki, na malalamiko niliyoyasikia zaidi ni hayo. Sitawasomea kanuni. Nitawaeleza muamala mmoja tu, tuufuate tangu ulipotoka hadi ulipofika.

Dada mmoja anaishi Maskati. Alhamisi ya tarehe 12 Februari 2026 alituma dola 1,800 kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Unguja, bei ya mabati ya nyumba ya mama yake. Ramadhani ilikuwa inabisha hodi, na mama alitaka afuturu chini ya paa lake. Dada akabonyeza kwenye simu, salio likapungua papo hapo, risiti ikatoka. Ijumaa kimya. Jumamosi kimya. Jumatatu tarehe 16 mpwa wake akaenda benki ya mwenye duka, akaambiwa, "Haijaingia." Akarudi Alhamisi tarehe 19, akaambiwa neno lile lile, "Haijaingia."

Naomba mliweke hilo neno kichwani. La Jumatatu na la Alhamisi yalikuwa majibu mawili tofauti kabisa, ingawa yalitoka kwenye kinywa kimoja.

Walipokuja kwangu nilianza kwa kuuliza namba. Dada akanitumia picha ya risiti, nayo ilikuwa na namba ya kumbukumbu inayoanza na FT26043. Baadhi ya mabenki huiunda namba hiyo kwa mpango: FT ni uhamisho wa fedha, 26 ni mwaka, 043 ni siku ya arobaini na tatu ya mwaka. Hesabu: Januari siku 31, ongeza 12, unapata 43. Kwa hiyo namba yenyewe inakwambia kwamba pesa ilikatwa tarehe 12 Februari. Ila inakwambia hilo tu. Ni namba ya ndani ya benki ya mtumaji. Ukiipeleka kwenye kaunta ya benki ya Unguja, karani ataiandika kwenye kompyuta na hataona kitu, na hatakuwa amekudanganya.

Namba inayosafiri na pesa ni nyingine, inaitwa UETR. Kila malipo ya mteja yanayopita kwenye mtandao wa Swift, unaobeba ujumbe wa malipo baina ya mabenki, yanalazimika kuwa nayo tangu Novemba 2018. Ina herufi na tarakimu 36 ukihesabu na vistari vyake, na haibadiliki hata malipo yapite benki tatu. Haimo kwenye risiti nyingi za simu, lazima uiombe. Niliwaambia wamwambie dada aiandikie benki yake, aombe UETR pamoja na nakala ya ujumbe wa malipo. Ilipokuja, mistari yenye maana ilikuwa hii:

```
<InstrId>FT26043K7QPL</InstrId>
<UETR>7c1e4a52-93bf-4d06-a8e1-5f20b7c6d914</UETR>
<IntrBkSttlmAmt Ccy="USD">1800.00</IntrBkSttlmAmt>
<IntrBkSttlmDt>2026-02-17</IntrBkSttlmDt>
```

Mstari wa kwanza ni ile namba ya risiti. Hiyo kila benki kwenye njia inaweza kuiondoa na kuweka yake. Wa pili ndio tunaoutaka. Lakini mimi jicho langu lilikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa mwisho, ile tarehe. Ni siku ambayo mabenki yanalipana wenyewe kwa wenyewe. Pesa ilikatwa tarehe 12, mabenki yanalipana tarehe 17. Siku tano! Mpwa wa watu akaruka: "Si wamezikalia hizo?"

Hapo ndipo nilipochukua karatasi nikaanza kupanga saa. Na kabla hujapanga saa, chagua utatumia saa za mahali gani. Maskati iko mbele yetu saa moja. New York, mwezi wa Februari, iko nyuma yetu saa nane. Na mtaniuliza New York imeingiaje katika pesa ya Maskati na Unguja. Imeingia kwa sababu ni dola. Benki ya Maskati na benki ya Unguja hazina akaunti baina yao. Zote mbili zina akaunti ya dola kwa benki ya kupitishia kule New York, na huko ndiko dola zinakohama kutoka mkono huu kwenda ule.

Kuna jambo jingine la saa, nalo ni letu sisi Waswahili. Dada katika barua yake ya kwanza ya malalamiko aliandika kwamba alituma "saa 9:40". Kwake ni saa tisa na dakika arobaini alasiri. Benki wakatafuta miamala ya 9:40 asubuhi, wakajibu kwamba hawaoni. Siku mbili zikapotea. Ukiandikia benki, andika 15:40, na uandike ni saa za wapi.

Sasa nikapanga yote kwa saa za Unguja. Alhamisi tarehe 12, 14:40, akaunti ikakatwa. Benki ile hufunga kupokea malipo ya dola saa saba mchana ya Maskati, kwa hiyo muamala ulikaa kwenye foleni. Ijumaa na Jumamosi Oman ni mapumziko. Jumapili tarehe 15 wao wanafanya kazi, na 09:05 ujumbe ukatoka. Lakini Jumapili New York wamelala. Jumatatu tarehe 16 sisi tuko kazini, Oman wako kazini, na Marekani ni sikukuu, maana Jumatatu ya tatu ya Februari wanaadhimisha kuzaliwa kwa Rais Washington, na mfumo wa kulipana wa benki yao kuu haufunguliwi. Ndiyo maana benki ya Maskati iliandika tarehe 17. Haikuwa imezikalia. Jumanne New York wakafungua, malipo yakashughulikiwa, na 16:47 ya kwetu ujumbe ukafika benki ya Unguja, kaunta zimeshafungwa.

Kwa hiyo mpwa alipoambiwa Jumatatu "haijaingia", ilikuwa kweli tupu: pesa ilikuwa haijavuka hata New York. Hakukuwa na kosa lolote mpaka hapo, ni kalenda za nchi tatu zimepandana vibaya. Kosa, kama lipo, linaanzia Jumatano tarehe 18 asubuhi. Faida ya kupanga saa ndiyo hiyo. Tulikuwa na siku saba za kulalamikia, tukabaki na mbili za kuchunguza.

Bi mkubwa pale mbele ananiuliza, je, hayo ya New York niliyajuaje? Benki ya mtumaji inayaona. Mfumo wa kufuatilia wa Swift unasoma ile UETR na kuonyesha kila benki ilipokea saa ngapi, ikapitisha saa ngapi. Ukiona ACCC, mpokeaji amewekewa. Ukiona RJCT, yamekataliwa. Ukiona ACSP, bado yako njiani au mkononi mwa mtu. Muamala wetu ulionyesha ACSP, na benki ya mwisho iliyoshika ni ya hapa Unguja. Mfumo unakwambia ni mlango gani. Kwa nini mtu hajatoka mlangoni, hiyo lazima uende ukaulize. Na unategemea benki zenyewe ziandike. Benki isiyoandika kitu itaonekana kama imelala nazo hata kama ilishamlipa mtu.

Basi tukaenda mlangoni, Ijumaa tarehe 20. Hatukwenda kaunta. Karani wa kaunta anaona akaunti za wateja tu, na kwenye akaunti ya mwenye duka kweli hakukuwa na kitu. Lile "haijaingia" la Alhamisi lilikuwa sahihi kwa skrini yake. Tuliomba kitengo cha malipo ya nje, tukawapa UETR na tarehe 17. Kijana wa pale kwanza alitafuta kwa kiasi, dola 1,800 kamili, akasema hakuna. Tukamwambia, acha kiasi, tafuta kwa UETR. Ikatoka: dola 1,782. Benki ya kupitishia ilikuwa imekata 18 zake, kwa sababu dada alichagua gharama za kugawana. Watu wengi hukwama hapo, wanatafuta kiasi ambacho hakipo tena duniani.

Na zilikuwa wapi? Kwenye akaunti ya kungojea, ambako benki huweka pesa isiyojua pa kuiweka. Namba ya akaunti aliyoandika dada ilikuwa sawa, tarakimu kwa tarakimu. Jina ndilo lililokuwa la ubaoni, lile lililopakwa rangi juu ya mlango wa duka. Akaunti ilikuwa kwa jina la mzee mwenyewe, majina yake matatu. Mfumo ukaona namba ni ya mtu na jina ni la duka, ukaizuia tangu Jumatano saa mbili u nusu asubuhi.

Mzee mwenye duka akataka kuapa pale pale kwamba duka ni lake, na leseni ya biashara anayo mfukoni. Haikusaidia. Maelezo ya malipo hurekebishwa na upande uliotuma. Dada akaingia kwa benki yake Jumapili, wao wakiwa kazini na sisi tumepumzika, akasaini fomu ya kusahihisha jina, nao wakatuma ujumbe wa masahihisho wenye UETR ile ile.

Nilimkataza mambo mawili katika siku hizo. La kwanza, kutuma tena kwa pupa ili mabati yasiuzwe; zikifika zote mbili, ya pili inarudi kwa hiari ya aliyepokea. La pili, kuomba pesa irudishwe. Alikuwa ameshajaza hiyo fomu, nikamwomba aiondoe. Ombi la kurudisha likikutana njiani na ombi la kusahihisha, benki inayopokea husimamisha yote mpaka mwenye pesa aseme moja. Na ikirudi, hupita New York tena, ikakatwa tena.

Jumatatu tarehe 23 masahihisho yakaonekana hapa. Jumanne tarehe 24, 11:15, simu ya mzee ikalia: dola 1,782 zimeingia. Mpwa akaongeza 18 kutoka mfukoni mwake, mabati yakapakiwa kwenye gari. Nilipopita dukani wiki iliyofuata nilikuta karatasi imebandikwa karibu na mizani ya misumari, majina matatu ya mzee kwa herufi kubwa, kama yalivyo benki, na chini yake: *ukituma andika hivi, usiandike jina la duka.*