Mkaguzi wa Ndani na Mkaguzi wa Nje: Nani Anamtumikia Nani

Waheshimiwa madiwani, ndugu watumishi, nianze na stoo ya halmashauri. Tuseme mwezi Oktoba mmelipia mifuko 400 ya saruji kwa ajili ya zahanati. Hati ya kupokelea inasema 400, leja ya stoo inaonyesha 310. Mifuko 90 haionekani. Kwa bei ya shilingi 16,000 mfuko, hiyo ni shilingi 1,440,000.

Mkaguzi wa ndani anaweza kuligundua jambo hili Novemba, mafundi wakiwa bado kazini. Analinganisha hati ya malipo, hati ya kupokelea na leja, kisha anahesabu mifuko kwa mkono wake. Taarifa yake anampa mkurugenzi, kwa kuwa ndiye anayemtumikia, ili udhibiti urekebishwe mapema.

Mkaguzi wa nje wa halmashauri ni CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kazi yake kubwa huja baada ya mwaka wa fedha kufungwa Juni 30, naye huweka kiwango cha umuhimu. Kama matumizi yenu ni shilingi bilioni 20 na kiwango ni asilimia 1, basi kasoro inayoweza kubadili hati ya ukaguzi inaanzia milioni 200 hivi. Saruji ile huenda ikatajwa kwenye barua yake kwa menejimenti, na bado mkapata hati inayoridhisha. Kwa hiyo anayesema "tuna hati safi, hakuna wizi" anakosea. Hati ni maoni juu ya hesabu kwa ujumla, na walengwa wake ni Bunge na wananchi.

Sasa uhuru wao. Ibara ya 143 ya Katiba inasema CAG halazimiki kufuata amri ya mtu mwingine yeyote katika kazi yake. Ripoti humpa Rais, na Rais asipoiwasilisha bungeni, CAG humpelekea Spika. Mkurugenzi hana pa kuizuia.

Mkaguzi wa ndani hana ngome hiyo. Ruhusa yake ya likizo, gari na mafuta ya kwenda kukagua vyote vinapita kwa mkurugenzi yuleyule anayemkagua. Kinachomlinda ni kamati ya ukaguzi, na inamlinda pale tu inapopokea taarifa yake ya robo mwaka kama alivyoiandika, na inapokutana naye bila menejimenti kuwepo.

Lakini uhuru huo huharibika kimyakimya zaidi pale anapotakiwa kusaini hati za malipo kabla fedha haijatoka. Inaonekana ni umakini, kumbe akishasaini amekuwa sehemu ya malipo. Mwezi ukifuata atakuwa anaikagua saini yake mwenyewe. Fungueni hati kumi za malipo za robo iliyopita mtazame sehemu ya saini. Mkilikuta jina lake humo, ulizeni nani aliyekagua malipo hayo baadaye.