Mbili zikilingana, usiitupe ya tatu

Walimu wenzangu, wanaonifahamu hapa Moshi wanajua nitaanzia wapi. Nitaanzia kwenye zile titresheni tatu.

Mwanafunzi alipima ugumu wa maji ya bomba kwa EDTA. Bureti ikampa 12.40, 12.40 na 12.55, kwa sentimita za ujazo. Akaitilia shaka ya tatu, akafanya jaribio la Q la Dixon: pengo kati ya namba inayoshukiwa na jirani yake, gawanya kwa pengo kati ya kubwa na ndogo kuliko zote. Ni 0.15 kwa 0.15, yaani 1. Jedwali, kwa vipimo vitatu na uhakika wa asilimia 95, linasema 0.970. Akaifuta.

Hebu tazameni! Mbili zikilingana, Q itakuwa 1 daima, hata ya tatu ingekuwa 12.45. Na kwa nini zimelingana? Kwa sababu bureti ile tunaisoma kwa hatua za 0.05. Usomaji wetu ndio uliozilinganisha. Kisha akokotoe mkengeuko sanifu wa hizo mbili zilizobaki: sifuri. Mipaka ya uhakika: 12.40, jumlisha au toa sifuri. Nani kati yenu ana bureti isiyokosea kabisa?

Mtaniambia, "Lakini mwalimu, jedwali limeruhusu." Jedwali halikuwepo maabara. Kwanza uliza kilichotokea: je, kulikuwa na kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti? Je, alipitiliza pale rangi inapotoka wekundu wa mvinyo kwenda bluu, ambapo mmenyuko huenda polepole? Ukilijua kosa na umeliandika papo hapo, futa bila Q. Usipolijua, rudia titresheni.

Tulirudia mara mbili, tukapata 12.50 na 12.45. Sasa tuna tano, na jirani wa 12.55 ni 12.50. Q ni 0.05 kwa 0.15, kama 0.33, wakati jedwali kwa vipimo vitano linadai 0.710. Ile namba iliyofutwa ilikuwa halali tangu mwanzo!

Wastani wa tano ni 12.46, mkengeuko sanifu 0.065. Zidisha kwa t ya 2.776, kwa kuwa vipimo vitano vina digrii huru nne, gawanya kwa kipeuo cha pili cha tano. Unapata 0.08. Ripoti: 12.46 ± 0.08, uhakika wa asilimia 95, vipimo vitano.

Najua kuna atakayesema 12.55 iko nje ya 12.54, kwa hiyo ifutwe. Hapana! Mipaka hiyo ni ya wastani, si ya kipimo kimoja kimoja.

Muda umekwisha, nimalizie haraka: Q hutumika mara moja tu kwa seti moja, na kiwango cha uhakika huchaguliwa kabla ya kuziona namba. Ukiifuta namba, iandike kwenye ripoti pamoja na sababu yake, ili anayesoma aweze kuirudisha.