Zimua Maji, Usirefushe Mstari

Asanteni. Wengi wenu mnatoka maabara za maji, kwa hiyo sitaanza na Bouguer wa 1729, Lambert wa 1760 na Beer wa 1852. Mnaijua kanuni yenyewe: A = εbc. Ufyonzaji wa mwanga unapanda sambamba na ukolezi, mradi kyuveti ni ile ile na urefu wa wimbi haujaguswa. Mnajua pia kuchora mstari wa standadi. Nimekuja kwa jambo moja ambalo nimelisema kwenye vikao vingine na nitaendelea kulisema kila nikipewa kipaza sauti: sampuli iliyosomwa nje ya mstari wake haijapimwa. Imekisiwa tu, hata kama mashine imetoa tarakimu tatu baada ya nukta.

Tuchukue chuma kwenye maji ya kisima kirefu, maana hiki ndicho kipimo ambacho kosa hili nimekutana nalo mara nyingi zaidi. Maji yanatoka pampuni yakiwa meupe kabisa. Baada ya saa chache kwenye ndoo yanageuka rangi ya kutu, nguo nyeupe zinapata madoa, na chai inakuwa nyeusi kwa namna isiyoeleweka. Shirika la Afya Duniani linataja miligramu 0.3 kwa lita kama kiwango ambacho madoa huanza kuonekana kwenye nguo na vyoo. Sasa mtu anataka kujua kisima chake kina kiasi gani, ili mafundi wajue ukubwa wa mtambo wa kuingiza hewa na kuchuja. Jibu letu ndilo litakaloamua ukubwa huo.

Njia ni fenanthrolini. Tunatengeneza akiba kwa gramu 0.7022 za amonia feri salfeti, ile yenye maji sita, katika lita moja yenye asidi kidogo. Hapo tuna miligramu 100 za chuma kwa lita. Tunaizimua mara kumi, tunabaki na 10. Kwenye chupa za ujazo za mililita 50 tunatia mililita 0, 2.5, 5, 10, 15 na 20. Kila chupa inapata mililita 1 ya haidroksilamini ili chuma chote kiwe Fe²⁺, mililita 8 za bafa ya asetati, na mililita 10 za fenanthrolini ya asilimia 0.1. Tunajaza maji yaliyokenekwa hadi alama na kusubiri dakika kumi. Rangi ya chungwa inakolea mbele ya macho. Tunasoma kwenye nanomita 510, kyuveti ya sentimita moja.

Standadi hizo ni miligramu 0, 0.5, 1, 2, 3 na 4 kwa lita. Usomaji wa kawaida kabisa utakuwa 0.004, 0.103, 0.201, 0.401, 0.597 na 0.797. Mstari wake ni A = 0.198c + 0.004. Mstari mzuri, hauna ubishi.

Inakuja sampuli. Mtaalamu anatia mililita 25 za maji ya kisima kwenye chupa ya 50, anaongeza kemikali zile zile, anasoma: 2.04. Anatoa 0.004, anagawa kwa 0.198, anapata 10.28. Maji yalizimuliwa mara mbili, kwa hiyo anaandika miligramu 20.6 kwa lita. Anasaini. Juu ya meza yake mstari umeishia 0.797, na yeye ameurefusha kichwani hadi zaidi ya mara mbili na nusu ya urefu wake.

Sasa chukueni maji hayo hayo, mililita 5 tu kwenye chupa ya 50, mfanye kila kitu upya. Mashine inasoma 0.479. Ukitoa 0.004 na kugawa kwa 0.198 unapata 2.4, na hii imeangukia katikati ya standadi zetu. Zidisha kwa kumi: miligramu 24. Kisima ni kile kile, chupa ya sampuli ni ile ile, na majibu yamepishana kwa zaidi ya miligramu tatu. Kwa nini?

Naomba tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo watu huniambia "mashine imeharibika". Haijaharibika. Ufyonzaji wa 2 maana yake ni kwamba katika kila sehemu 100 za mwanga zilizoingia kwenye kyuveti, imetoka 1. Ndani ya kila spektrofotomita kuna mwanga kidogo unaozurura: umepenya pembeni, au ni wa urefu mwingine wa wimbi ambao chujio halikuuzuia. Mwanga huo unafika kwenye kipokezi bila kufyonzwa na rangi yako. Tuseme ni nusu ya sehemu moja katika 100, jambo la kawaida kwa mashine iliyotumika miaka. Sampuli hafifu inayopitisha sehemu 40 haitajali nusu ya ziada. Lakini sampuli iliyopaswa kupitisha 1 sasa inaonekana imepitisha moja na nusu, na mashine, kwa uaminifu wake wote, inakuambia 1.82 badala ya 2. Ni kama mnong'ono ndani ya soko: kelele ni ile ile siku zote, lakini yule anayenong'ona ndiye inayommeza. Sampuli yetu, yenye 24 iliyozimuliwa mara mbili ikawa 12, ilipaswa kusoma kama 2.38. Ilisoma 2.04. Chuma kilichopotea kimepotelea hapo.

Angalieni mwelekeo wa kosa. Linapunguza jibu siku zote, na linapunguza zaidi kadiri maji yanavyozidi kuwa mabaya. Yaani kisima kibaya kuliko vyote ndicho kinachopewa punguzo kubwa kuliko vyote, halafu kinajengewa mtambo mdogo.

Kuna mtu pale nyuma anataka kuniambia R² yake ni 0.9998. Naisikia kila mara. R² inazungumzia standadi zako sita, kwamba zimekaa vizuri kwenye mstari kuanzia 0 hadi 4. Haijui chochote kuhusu 12. Haikuwahi kuulizwa. Mwingine atasema: basi niongeze standadi hadi 15. Ongeza, utauona mstari ukianza kuinama kwa juu kama tawi lenye matunda. Hapo angalau umeliona tatizo kwa macho, lakini ukilazimisha mstari ulionyooka upite kwenye pointi hizo, utaharibu hata sehemu ya chini iliyokuwa sahihi.

Wa tatu anasema: si nizimue ile rangi yenyewe? Chupa tayari ina rangi, nichukue mililita 5 zake, nijaze maji, nisome. Hili ndilo lililonifanya nichague kichwa cha mhadhara huu. Chuma kimoja kinahitaji fenanthrolini tatu. Mililita 10 za fenanthrolini ya asilimia 0.1 zina mikromoli 50 hivi, kwa hiyo zinatosha chuma cha mikromoli 16 na kidogo, ambacho kwenye chupa ya 50 ni kama miligramu 18 kwa lita. Sampuli yetu ilikuwa na 12 ndani ya chupa, ikasalimika. Ingekuwa na 25, chuma kingine kingebaki bila mwenzi na bila rangi, na hata ukizimua rangi hiyo mara mia, chuma kisichopata rangi hakitaonekana kamwe. Utapata usomaji mzuri, ndani ya mstari, wenye jibu la uongo. Kwa hiyo zimua maji kabla hayajakutana na kemikali.

Utajuaje kwamba uzimuaji wako umetosha? Fanya mbili. Mililita 5 kwenye 50 zimetupa 24. Chukua pia mililita 2 kwenye 50: usomaji utakuwa karibu 0.194, ambayo ni 0.96, na ukizidisha kwa 25 unarudi kwenye 24. Majibu mawili yamekubaliana, andika. Kama jibu linapanda kila unapozimua zaidi, basi yale ya mwanzo yalikuwa yamebanwa, na unaendelea kuzimua mpaka litulie. Inakula dakika ishirini. Sijawahi kuelewa kwa nini dakika hizo zinaonekana nyingi kwa mtu atakayetumia asubuhi nzima kujaza fomu.

Swali ambalo huulizwa kila mara: kwa nini tusitumie ε ya kitabuni, 11,100, tukaacha standadi? Ukipiga hesabu, ε hiyo inatoa mteremko wa 0.199 kwa miligramu moja, karibu sawa na wetu. Ni vizuri kuilinganisha. Ukipata mteremko wa 0.15 ujue kuna kitu, aidha akiba imepimwa vibaya au mashine inadhani iko 510 kumbe haipo. Lakini ε ya kitabu haijui kyuveti yako ina mikwaruzo, wala kwamba fenanthrolini yako ni ya mwaka juzi. Mstari uliochorwa leo, kwa chupa za leo, umebeba yote hayo ndani yake. Ndiyo maana pia usilazimishe mstari upite kwenye sifuri, ile 0.004 ni chuma kidogo kilichomo kwenye kemikali zenyewe, na sampuli yako nayo imekipata.

Naona natazamwa na mwenye saa. Upande wa chini wa mstari nilitaka kuupa muda wake, nitasema moja tu. Maji yenye 0.3, ukitia mililita 25 kwenye 50, yatasoma karibu 0.034. Hapo alama ya kidole kwenye kyuveti inatosha kubadilisha jibu. Tumia kyuveti ya sentimita 5, mwanga utembee njia ndefu zaidi, na uchore mstari mpya kwa kyuveti hiyo hiyo. Maji yenye tope au rangi yake ya asili yasomwe pia bila fenanthrolini, kisha utoe.

Na chupa ya sampuli itiwe asidi pale pale kisimani, pH iwe chini ya 2. Ukiileta bila asidi, chuma kitashika kutu na kukaa chini kama matope mekundu njiani, pipeti itachota maji masafi ya juu, na kisima chenye 24 kitapata jibu la 2, ndani kabisa ya mstari. Ila ukishatia asidi, hakikisha bafa imeishinda: gusa tone moja la chupa iliyokamilika kwenye karatasi ya pH. Ikiwa chini ya 3 rangi inakuja polepole na hafifu, ongeza bafa, na standadi zako nazo zipate kiasi kile kile cha asidi na bafa.